Uzi Mwekundu wa Ngamiani

Duka la nyuzi la Ngamiani limevunjwa. Nilipita hapo mwezi uliopita na binti wa kaka yangu, nikakuta mabati yamezungushwa na shimo la msingi limechimbwa mahali palipokuwa na kaunta. Nilipomwambia kwamba kitambaa cha meza kilicho sebuleni kwangu, chenye meno mekundu na meupe, kilianzia pale, alinitazama. "Shangazi, kile si kimechapwa kiwandani?"

Nilinyamaza mpaka tukafika nyumbani.

Duka lile lilikuwa na harufu mbili, nafthalini iliyozuia mende na chai ya tangawizi ya mwenye duka. Mzee yule alivaa kofia ya mkono na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kufumia, na nyuzi zake alizipanga kwa namba ya rangi iliyoandikwa kwenye karatasi ya kila donge. Ukimwomba nyekundu, alikuuliza kwanza unafuma nini na utatumia madonge mangapi, kwa sababu madonge yote ya kazi moja lazima yatoke kwenye pipa moja la rangi. Ukisema matatu leo, mengine mwisho wa mwezi, alikataa kukuuzia. Watu walimwona mkaidi. Mimi nimewahi kufuma nusu ya kitambaa kwa nyekundu moja na nusu kwa nyekundu nyingine, na kila nikikiangalia namkumbuka.

Jambo lake kubwa lilikuwa sahani ya kikombe. Mtu akitaka nyekundu na nyeupe kwa kazi moja, mzee alikata uzi wa kila rangi kiasi cha kidole, akazisokota pamoja, akazilaza kwenye sahani, akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai na kufunika kwa kikombe. "Kaa kidogo," angesema. Ukakaa, ukasikia habari za mtaa mzima. Akifunua, kama nyeupe imeingia uwaridi hata kidogo, aliurudisha uzi mwekundu rafuni. "Huu haulali na mweupe."

Nilidhani nilianza kufuma rangi mbili mwaka 1987. Nimetazama nyuma ya daftari nikakuta nimeandika 1989. Haidhuru. Kabla ya hapo sisi wa mtaani tulijua kroshia ya rangi moja, vile vitambaa vyeupe vya migongo ya makochi. Jirani yetu, mwalimu wa sayansi kimu, ndiye aliyeniletea daftari la hesabu lenye miraba, baadhi imepakwa kalamu nyekundu. Ufumaji ule yeye aliuita kuruka. Jina la mosaiki nililijua miaka mingi baadaye. Mmarekani Barbara Walker ndiye aliyeueneza kwa jina hilo katika ufumaji wa sindano mbili, na kitabu chake juu ya ufumaji huo kilitoka 1976.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa na matundu 23. Mwalimu alinianzishia kwa mnyororo wa vitanzi 24, nikafuma mistari miwili ya mishono mifupi ya nyeupe, kwenda na kurudi. Kisha akanifunza kusoma chati. Mstari mmoja wa miraba ni mistari miwili ya uzi. Unapokwenda unausoma kutoka kulia. Unaporudi huna haja ya kuutazama, unafuata ulichokifanya. Mraba wa kwanza na wa mwisho hubaki daima na rangi ya mstari huo.

Mstari wa kwanza wa chati ulikuwa mwekundu: mishono mitatu mifupi, ruka tundu moja, mitatu, ruka moja, hadi mwisho. Pale unaporuka unafuma vitanzi viwili vya mnyororo kupita juu ya tundu. Wakati wa kurudi unafanya vivyo hivyo, vitanzi viwili tena juu ya vile vya kwanza. Tundu jeupe linabaki chini, linasubiri.

Kisha unashika nyeupe, na hapo ndipo kitambaa kinapoanza kusema. Ukifika juu ya pengo, unazungusha uzi kwenye kroshia mara moja, unashuka mistari mitatu, unachoma lile tundu jeupe lililorukwa, na kufuma mshono mrefu unaopita mbele ya minyororo miwili myekundu. Minyororo inafunikwa, na jino jeupe linapanda katikati ya nyekundu. Katika mstari huohuo unaruka kati ya meno, tundu la 2, la 6, la 10, mpaka la 22, ili nyekundu nayo ije kupandisha meno yake. Kila tundu lililorukwa lazima lijazwe rangi yake inaporudi. Usiliruke mara mbili mfululizo, maana mshono mrefu hautafika chini bila kuvuta kitambaa kikunjamane.

Nilikosea kama kila mtu. Nilipitisha mshono mrefu nyuma ya minyororo, na usoni kukabaki kijiti chekundu juu ya jino jeupe. Ukikiona kijiti hicho, fumua hapohapo, usijipe moyo kwamba pasi itakificha. Kosa jingine lilikuwa pembeni. Kwa kuwa kila rangi inakwenda na kurudi, inaishia ilikoanzia, hivyo uzi haukatwi. Unauacha ukingoni na kuuokota baada ya mistari miwili, na rangi mpya inaingia kwenye mvuto wa mwisho wa mshono wa mwisho. Mimi niliuvuta kwa nguvu kila nilipouokota, na ukingo wa kushoto wa kitambaa changu ukawa mrefu kuliko wa kulia. Mwalimu alikiweka juu ya meza, akakipima kwa macho, akaniambia nifumue chote.

Miaka ya tisini nilifuma vya harusi. Baadaye zikaja lesi za mashine, wateja wakapungua, mzee akafariki, mwanawe akageukia vocha za simu. Siku hizi nyuzi sokoni zinauzwa zimevuliwa karatasi, hazina namba, mwuzaji hajui zilipakwa rangi wapi. Chati hazikupotea. Binti wa kaka yangu amezipata nyingi kwenye simu, nzuri kuliko zangu, nyingine za kukata uzi kila mstari mmoja na kuacha mikia pande zote mbili. Lakini mwaka jana mteja alinirudishia kitambaa kilichofuliwa mara moja, meno yake meupe yote yamekuwa ya uwaridi. Hesabu ya mishono ilikuwa sahihi tundu kwa tundu. Nilijilaumu kwa sababu nilinunua uzi usiku wa kuamkia Idi na sikuujaribu. Rangi zikilala jino kwa jino hivi, ikivuja moja imeharibika kazi nzima.

Siku ile tuliporudi kutoka Ngamiani nilimpa binti daftari la miraba. Akataka kuanza papo hapo. Nikamwambia alete kwanza sahani, kikombe na maji ya moto. Nyekundu ya kwanza aliyonunua ilivuja, ya pili ikavuja. Ya tatu ililala na nyeupe usiku kucha, asubuhi maji yakawa safi.

Jana amefika mstari wa saba wa chati. Ukingo wake wa kulia umevutwa kidogo, nimemwambia afumue.