Benchi Ilinifunga Bega, Tyubu Ikanifungua

Jimu yetu hapa Kawangware vyuma ni vya kujitengenezea: mikebe miwili ya simiti, bomba katikati. Mwaka mzima mimi nilikuwa mtu wa benchi tu, siku nne kwa wiki. Kisha bega la kulia likaanza kunichoma kwa mbele kila nikishusha chuma kifuani.

Msee mmoja wa Kibera akaniambia, "Simama kawaida, acha mikono ining'inie." Viganja vyangu vilitazama nyuma. Si ushahidi kamili, lakini kwangu ilieleweka: nilijenga misuli inayogeuza mkono ndani, ile ya nyuma ya bega nikaisahau.

Tukafunga tyubu ya baiskeli kwa nguzo, usawa wa uso. Unashika ncha mbili, unavuta kuelekea masikio viwiko vikiwa juu, halafu unageuza ngumi ziishie juu kuliko viwiko. Huko kugeuza ndiko kazi yenyewe, na ndiko wengi hukwepa. Ukijipata unaegemea nyuma, sogelea nguzo, tyubu imekushinda.

Nafanya 15 mara tatu. Tyubu peke yake ni nyepesi, so pia nainama navuta chuma tumboni. Benchi nilipunguza hadi siku mbili. Uchungu ulichukua kama miezi miwili kuisha, na mikebe bado ni ileile.