Kijana Kumfundisha Mzee Kazini: Kutoka Viwanda vya Jinja hadi Maghala ya Mbale

Unasihi wa kinyume ni mpango wa kazini ambao mfanyakazi mdogo kwa umri humfundisha mkubwa wake jambo moja mahususi ambalo mkubwa huyo analihitaji na halijui. Mpango huu ulipata sifa mwaka 1999, pale Jack Welch, mkuu wa kampuni ya General Electric ya Marekani, alipowaagiza mameneja wake wapatao 500 watafute vijana wa kuwafundisha intaneti, naye mwenyewe akakaa upande wa wanafunzi. Mashariki mwa Uganda jambo hili lilikuja polepole, bila agizo la mkuu yeyote.

Jinja ndiko unakoonekana vizuri utaratibu wa zamani. Bwawa la Owen Falls lilizinduliwa mwaka 1954, na umeme wake ukavuta viwanda, kikiwamo kile cha nguo ambacho wenyeji hukiita Nytil. Vijana wa makabila mengi walipanga vyumba Walukuba, wakaelewana kwa Kiswahili, na kazi wakajifunza kwa kusimama kando ya mzee wa mashine. Mzee alijua kwa mlio tu kwamba uzi unakaribia kukatika. Kijana alibeba vifaa, alitazama, na alisubiri miaka. Ujuzi ulishuka upande mmoja, na hilo halikumchosha mtu, kwani mashine ya mwaka huu ilikuwa ileile ya mwaka jana.

Kilichogeuza mkondo ni simu. Huduma ya pesa kwa simu ya MTN ilianza Uganda mwaka 2009, na muda si mrefu wazee waliozoea kuheshimiwa kiwandani wakajikuta wanamwomba kijana awasomee ujumbe wa malipo. Lakini huo haukuwa unasihi. Mzee alitoa simu pamoja na namba yake ya siri, kijana akabonyeza, simu ikarudishwa. Mmoja alihudumiwa na mwingine alitumwa, wala hakuna aliyemjua mwenzake zaidi ya alivyomjua jana. Mipango mingi inayoitwa unasihi wa kinyume hukwama hapohapo hadi leo.

Mbale ilipata sababu nzito zaidi ya unasihi wa kweli. Arabika ya mlima Elgon imekuwa mhimili wa uchumi wa Bugisu tangu kabla ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu kuundwa mwaka 1954, na sehemu yake huuzwa Ulaya. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayotaka kahawa iingiayo kwake ithibitishwe kuwa haikutoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba lazima lionyeshwe kwenye ramani: kwa shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja inatosha, ila iandikwe kwa tarakimu sita baada ya desimali. Kuanza kutumika kwa sheria hiyo kuliahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi hawakungoja. Ghafla karani wa ghala aliyeshika mizani na daftari kwa miongo alitakiwa kujua longitudo.

Mfano mmoja unatosha, wa ghala dogo kwenye miteremko ya Wanale, juu ya mji wa Mbale. Karani alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Msajili wa mashamba alikuwa binti aliyetoka chuoni. Walipewa saa moja kila wiki, baada ya kupima kahawa, mbele ya mlango wa ghala ambapo mpita njia yeyote angewaona. Mahali palichaguliwa kwa makusudi: binti na mzee wakijifungia ofisini, maneno huanza kijijini kabla somo halijaisha. Saa yenyewe nayo ilichaguliwa ili wakulima wawe wameondoka. Bugisu ni nchi ya imbalu, ambako mwaka wa tohara hupewa jina na watu hujuana kwa miaka hiyo. Mzee kusahihishwa na mtoto hadharani ni aibu isiyofutika upesi.

Sharti lilikuwa moja: simu ishikwe na mzee. Binti alimwita “mzee wangu”, akakaa upande wake badala ya kumkabili, na mikono akaiweka magotini. Somo la kwanza, lililowatoa mlangoni hadi shambani, lilikuwa kusimama katikati ya shamba na kungoja. Chini ya migomba na miti ya kivuli simu hupoteza ishara za setilaiti, kwa hiyo namba ya kwanza inayotokea haifai. Husubiriwa mpaka kosa linaloonyeshwa lishuke hadi mita tano hivi. Somo la pili lilikuwa kutambua namba mbovu. Mbale iko karibu na latitudo 1.08 kaskazini na longitudo 34.18 mashariki. Namba hizo zikibadilishana nafasi, shamba linaangukia Algeria. Alama ya kutoa ikitangulia 1.08, shamba linahamia upande wa Migori, Kenya. Mzee alicheka sana kuhusu Algeria, na baada ya hapo hakukosea tena mpangilio huo.

Mzee alipoanza kuzisoma namba, ndipo alipoanza kuuliza maswali ambayo chuo hakikumfundisha binti. Kwa nini mkulima huyu ana nukta moja? Binti alikuwa ameichukua uani, alikopokewa kwa chai. Mzee akamweleza kwamba hapo ni nyumbani tu. Kahawa iko ng'ambo ya kijito, vipande vitatu vya urithi, kimoja cha mama. Tena jina lililo kwenye daftari ni la marehemu baba, na anayeleta kahawa ni mwanawe. Majina kama Mafabi na Nambozo hujirudia kila kijiji, hivyo bila kujua ukoo wawili husajiliwa kama mmoja. Wakarudi pamoja kwenye orodha, ukurasa kwa ukurasa. Mzee akamfundisha pia kuipima kwa meno kahawa yenye ganda: iliyokauka hadi unyevu wa asilimia 12 au pungufu kidogo hukataa kubonyea, mbichi hupokea alama ya jino. Kipimo cha umeme ni bora kuliko jino, lakini kipimo huishiwa betri.

Dalili za mpango ulioharibika ni rahisi kuzitambua. Ya kwanza huonekana kijana akienda likizo: kazi ikisimama, basi alikuwa anamfanyia mzee, hakuwa anamfundisha. Ya pili ni kijana kujua namba ya siri ya mzee, jambo ambalo siku fedha zikipotea huvunja zaidi ya urafiki. Ya tatu ni mzee huyohuyo kuwa ndiye anayeandika ripoti ya utendaji wa kijana; hapo kijana atasema “sawa, mzee” hata namba ikiwa ya Algeria. Afadhali wawili hao watoke idara tofauti.

Muda pia una kikomo. Msimu mmoja wa kahawa unatosha kwa jambo moja, na likiongezwa la pili bila haja, vikao hugeuka mazungumzo ya kupitisha wakati. Saa hiyo ya wiki ihesabiwe kuwa saa ya kazi na ilipwe kwa wote wawili, kwani isipolipwa kijana huiona kama kutumwa dukani na mzee huiona kama adhabu ya uzee. Mwajiri asiyeweza kuilipia, afadhali asiuanzishe mpango huu.