Macho Naazima, Namba ya Siri Hapana

Shangazi alinipa kopo la maziwa la zamani limejaa vikaratasi. "Mwanangu, niangalilie hizi," akasema. "Kijana ananiambia pesa iliisha, mimi ninahesabu naona haijaisha."

Shangazi si ndugu wa damu. Ni jirani yetu hapa Kakuma, tulitoka naye upande mmoja wa Kivu. Hakusoma, na mtoto wa jicho umemfunika jicho la kulia na kuanza la kushoto. Pesa yake ya msaada inaingia benki, naye anaitoa kwa wakala kwa kadi. Kijana anayemchotea maji ndiye alikuwa anampeleka.

Risiti za zamani zilikuwa zimefutika, maana wino wa karatasi zile haukai kwenye joto. Miezi minne ndiyo ilisomeka. Kila mwezi kulikuwa na risiti mbili za siku moja: ya kwanza shilingi 3,000, ya pili 500, zimepishana dakika nne au tano. Shangazi alikuwa anapewa 3,000 mkononi. Kwa miezi ile minne tu, 2,000 zilikuwa zimepotea.

Nikamuuliza, "Namba ya siri nani anaibonyeza?"

"Yeye. Mimi sioni vile vidude."

"Na mesaji ya benki inaingia simu gani?"

"Ya kwake. Siku ya kufungua akaunti sikuwa na simu."

Hapo nikaelewa. Kijana alikuwa na kadi, namba ya siri, na mesaji ya kuonyesha pesa imetoka. Shangazi alibaki na kopo tu.

Tulienda hadi tawi la benki, kwa sababu mambo haya wakala hana uwezo nayo. Mama wa kaunta alisikiliza vizuri, lakini jibu lilikuwa chungu: namba ya siri ikibonyezwa sawasawa, kwa benki ni kama Shangazi mwenyewe ametoa. Zile 2,000 hazirudishwi. Alichoweza ni kubadilisha namba ya siri, kuandikisha laini mpya ya Shangazi, na kumwandikia msaidizi rasmi.

Shangazi alimchagua mkwe wake, mke wa mtoto wake. Mama wa kaunta alimsomea fomu mstari kwa mstari kwa Kiswahili, akamwambia aeleze kwa maneno yake alichosikia. Kisha akamtoa mkwe nje kidogo, akauliza, "Kuna mtu amekulazimisha?" Ndipo Shangazi akaweka dole gumba kwenye wino, na mimi nikatia sahihi kama shahidi. Msaidizi mwenyewe hawezi kuwa shahidi.

Katika fomu ile mkwe anasaini kwa jina lake, kwa kiasi ambacho Shangazi ameweka kwa mwezi. Hawezi kukopa wala kufunga akaunti. Shangazi anaweza kumwondoa siku yoyote. Na Shangazi akifa, idhini hiyo nayo imekufa. Mkwe hawezi kuendelea kutoa. Tulichelewa wiki tatu, kwa sababu kitambulisho cha mkwe kilikuwa kimepitwa na tarehe na benki haikukikubali.

Lakini Shangazi alitaka kutoa pesa yake mwenyewe pale anapoweza, na hilo ndilo lilinifundisha zaidi. Kwenye mashine ya kadi, namba 5 ina kinundu kidogo katikati. Nilimshika kidole nikakiweka pale. Kutoka 5, juu yake ni 2, chini ni 8, kushoto 4, kulia 6. Akachagua namba yake kimyakimya, akajizoeza nyumbani juu ya simu ya vibonye, ambayo mpangilio wake ni ule ule. Hajui kusoma tarakimu, lakini kidole chake kinajua njia.

Sasa kwa wakala tunafanya hivi. Wakala anaandika kiasi, mimi ninasoma kwenye kioo na kumwambia Shangazi sikioni, maana foleni ina masikio. Hapo ninageuka. Anabonyeza mwenyewe, mkono mwingine umefunika. Noti anazihesabu kabla hatujaondoka kaunta. Ya 1,000 anaijua kwa urefu, imepita zingine. Risiti ninaisoma hapo hapo, na nikisikia mashine inatoa ya pili ninauliza ni ya nini.

Kijana alisema, "Nilikopa tu." Amerudisha 700. Shangazi hakumfukuza, kwa sababu maji bado yanahitaji mtu wa kuyachota, na hata kwa wakala bado anamshika mkono njiani.

"Anionyeshe njia," Shangazi anasema. "Kufika pale, asimame nyuma."