Pakiti Ilikuwa Mezani Kwangu

Mabango 60 ya ukubwa wa A2 yamefungwa kwa kamba nyuma ya mlango wa ofisi yangu, na aliyeyaharibu ni mimi. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nikiwaambia watu kwamba programu ya kutengeneza picha ndiyo iliyoniangusha. Si kweli, na wa kwanza niliyemwambia uongo huo alikuwa mama mmoja wa Muheza aliyenilipa kwa fedha za kikundi.

Kikundi chao huuza iliki ya milima ya Usambara katika pakiti za gramu 100. Walikuwa wamepata banda Sabasaba, wakataka mabango ya kutundika nyuma ya meza yao. Mama alipokuja ofisini aliniachia pakiti mbili, akasema, "Mwanangu, nataka mtu akiliona bango aijue pakiti kabla hajaishika." Alikuwa amenipa maelekezo yote niliyoyahitaji. Mimi nikaziacha pakiti zile pembeni ya kompyuta, nikaanza kuandika bila hata kuzitupia jicho.

Niliandika hivi: bango la kisasa la viungo vya Afrika, lenye mvuto, lenye hisia ya asili na utulivu, la ubora wa hali ya juu. Programu ikanipa jua linalozama nyuma ya mgunga, akina mama watatu wanaocheka, kapu, vijiko vya mti, vichuguu vya unga wa njano na mwekundu, na majani katika pembe zote nne. Baadaye nilivihesabu vitu vilivyomo, nikapata 23. Iliki yenyewe ilikuwa inaning'inia matawini kama maembe, wakati iliki haizai hivyo. Vishada vyake hutokea chini kabisa ya shina, vikatambaa karibu na udongo, na mchumaji huinama kuichuma. Picha ilinipendeza, nikaipeleka kwa mchapaji usiku uleule.

Mama alipolikunjua bango la kwanza alilitazama kwa muda mrefu. "Pazuri," akasema. "Lakini hapa ni kwa nani?" Nikamjibu kwamba programu hizi ndivyo zilivyo, hazijui mambo yetu. Akanyamaza. Kwenye maonyesho alitundika kanga yake nyuma ya meza, na mabango yakarudi kwangu.

Sasa naijua sababu, na naieleza kwa sababu naona wenzangu wengi wakirudia kosa lilelile. Programu ya namna hii imejifunza kutoka kwenye picha nyingi mno zilizoambatanishwa na maneno. Neno "kisasa" limebandikwa kwenye majengo, simu, viatu na matangazo ya benki, kwa hiyo halielekezi popote. Ukiliandika unapewa wastani wa vyote hivyo. Neno "Afrika" hatari yake ni kinyume cha hapo, kwani linaelekeza mahali pamoja tu, kwenye mbuga na jua la machweo. Na "utulivu" haliwezi kuchorwa. Utulivu ni kitu anachokipata mtazamaji, nami nilitakiwa kuandika kinacholeta utulivu huo.

Siku nilipoketi na pakiti ya mama na rula, nilichukua karibu saa nzima. Ni karatasi ya kaki, imepigwa chapa ya wino mmoja wa kijani kilichokolea. Mchoro wa shina moja la iliki umekaa chini kushoto na haufiki theluthi ya uso wa pakiti. Juu yake ni patupu. Ukingoni pote kuna mstari wa punje ndogo za iliki zilizopangwa moja baada ya nyingine, na hapo ndipo nilipoikumbuka kanga aliyoitundika: pindo linazunguka, mji uko katikati, jina liko chini. Pakiti ilikuwa imepangwa kikanga. Utulivu niliokuwa nautafuta kwa kivumishi ulikuwa unatoka kwenye ule utupu wa juu na ule wino mmoja.

Niliandika upya, safari hii nikitaja vinavyoonekana tu:

```
Bango la wima, uwiano 5:7.
Mchoro wa mkono kwa wino mmoja, kijani kilichokolea,
juu ya karatasi ya kaki isiyong'aa.
Kitu kimoja tu: shina la iliki, chini kushoto,
ndani ya theluthi ya chini. Vishada vya iliki vimelala
kwenye udongo, chini ya shina.
Theluthi mbili za juu: karatasi tupu.
Ukingoni: pindo jembamba la punje za iliki.
```

Tazameni mstari wa utupu. Mwanzoni niliandika "bila watu, bila jua", na watu wakaja na jua likaja. Programu nyingi za picha hazisikii "bila" vizuri. Zinasikia neno linalofuata. Baadhi zina sehemu ya pembeni ya kuandika usivyovitaka, na hiyo husaidia. Kama haipo, taja kinachopakalia mahali hapo. Nilipoandika "karatasi tupu" pale juu, watu walikosa pa kukaa.

Msongamano nao nimejifunza kuutaja kwa hesabu. "Usijaze sana" haina maana, kwa sababu kujaa kwa duka la Kariakoo si kujaa kwa jalada la kitabu. Nasema vitu vingapi, kila kimoja kinachukua sehemu gani, na nini kinabaki wazi. Halafu naomba picha nne kwa maelezo yaleyale na kuzitandaza pamoja. Kosa likitokea katika picha moja kati ya nne, ni bahati mbaya, naitupa. Likitokea katika zote nne, kosa liko kwenye maneno yangu, nami nabadilisha sentensi moja tu kabla ya kujaribu tena, ili nijue ni ipi iliyoleta mabadiliko. Iliki iliendelea kuning'inia juu katika zote nne hadi nilipoandika neno "udongo". Kusema "chini" peke yake hakukutosha.

Kuna vitu ambavyo siviachii programu tena. Jina la kikundi, uzito, bei na namba ya simu naviweka mwenyewe kwa programu ya kupanga kurasa, maana herufi zinazochorwa ndani ya picha mara nyingi hupinda au huzaa maneno yasiyokuwepo. Kijani kile pia: niliandika namba ya rangi, programu ikanipa kijani cha jirani yake. Kwa hiyo nachukua mchoro, naubadilisha kuwa wino mmoja, kisha naupaka rangi niliyoilinganisha na pakiti yenyewe mchana, mlangoni, wala si chini ya taa ya ofisi.

Mwaka huu nililipeleka bango jipya Muheza mwenyewe, kwa gharama yangu. Mama alilitundika ukutani, akaisimamisha pakiti kwenye meza mbele yake, akarudi nyuma hadi kizingitini. Hakusema pazuri. Aliwaita wenzake waje waone.

Walipotawanyika nilimwambia ukweli, kwamba lile la kwanza halikuwa kosa la programu. Mimi ndiye niliyeandika bila kuitazama kazi yao. Alinijibu taratibu kwamba alilijua tangu siku alipokuja kuchukua mabango. Pakiti zake mbili zilikuwa palepale alipoziweka, na juu ya moja nilikuwa nimeweka kikombe cha chai.