Kibaba cha Ukutani

Mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye mwenye duka siku hizi, aliniuliza maandishi ya ukutani pale Majengo tuliyachapisha wapi. Kuchapisha! Nikamwambia yaliandikwa kwa brashi. Akacheka, akidhani namtania.

Yaliandikwa na mtu tuliyemwita Fundi Herufi. Kaka anasema ni 1985, dada anashikilia 1987, na kwenye risiti ya rangi iliyobaki katika daftari la mzee wetu tarakimu ya mwisho imefutika. Basi, tuyaache. Ninachokumbuka vizuri ni harufu ya tapentaini, iliyokaa dukani hadi wateja wakalalamika kwamba sukari inanuka. Fundi alianza kazi alfajiri, maana Dodoma jua likipanda upepo nao huinuka, na vumbi likinasa kwenye rangi mbichi ukuta huwa kama msasa. Alipaka nyeupe, akaiacha ikauke, akapaka tena. Kisha akavuta uzi uliopakwa chaki toka kona hadi kona, akaubetua mara moja, na mstari ulionyooka ukabaki ukutani. Baada ya hapo akasema, "Mzee, niletee hicho kibaba."

Kibaba kikawekwa mbele yake juu ya kreti, kimejaa karanga. Kila alipogusa ukuta alirudi kukitazama. Ila lundo la karanga lilimnogea mkononi, likapanda. Mzee akamwambia, "Shusha. Ukinichorea mlima, kesho watakuja kudai mlima." Fundi akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta, akashusha.

Baadaye zilikuja kampuni za simu zikipaka maduka mazima rangi zao bure, hata mtaa ukawa hautambuliki duka lipi linauza nini. Yakafuata mabango ya kuchapwa, jua likala wekundu kwanza, nyama zote buchani zikawa za buluu. Kisha picha za simu. Sasa akili unde.

Nilikuwa kwenye benchi la dukani siku huyo kijana wa kaka alipomwonyesha binamu yake, binti wa dada yangu anayeshika hesabu za duka, tangazo la mafuta ya alizeti. Tunayachukua kwa wakamuaji wa Kibaigwa na kuyauza kwa dumu la lita 5. Kijana alikuwa ameandika maneno machache kwenye programu ya simu, na picha ikatoka kabla chai haijapoa.

Ilipendeza, siwezi kukataa. Binti aliitazama, akaivuta ikawa kubwa.

"Binamu, haya mafuta ya nani?"

"Yetu."

Akainama, akatoa dumu chini ya kaunta, akaliweka kando ya simu. Ya kwenye picha yalikuwa meupe yakikaribia maji. Yetu yamekamuliwa na kuchujwa tu, rangi yake ni ya dhahabu iliyokolea, na chini yana mashapo. Mpini wa dumu la pichani ulianzia shingoni ukapotelea hewani. Lebo ilisomeka ALIZETTI. Nyuma kulikuwa na vilima vya kijani ambavyo Dodoma ya Agosti haijawahi kuviona. Na pembeni, duara dogo lenye alama mfano wa nembo ya ubora.

"Hiyo ndiyo itakayotufunga," akasema. "Nembo ya TBS inaombewa leseni. Huwezi kujichorea."

"Sikuiomba, imejiweka."

"Imejiweka kwa sababu picha ilizofunzwa hiyo programu zina chupa za kiwandani, na chupa za kiwandani zina nembo. Inaanza na chengachenga tupu, inazisafisha kidogo kidogo hadi zifanane na ilivyowahi kuona. Dumu letu haijaliona."

Kijana hakukubali. Alisema kila tangazo hutia chumvi, na kwamba hata ng'ombe wa ukutani kwenye bucha ni wanono kuliko wa mnadani. Akanigeukia. "Baba mdogo, si kweli?"

Ni kweli. Lakini ng'ombe wa rangi kila mtu anajua kachorwa. Hii ilikuwa na sura ya picha iliyopigwa hapa dukani, na mteja atakayefuata mafuta meupe akakuta mashapo atasema tumemchanganyia. Sheria ya Ushindani ya 2003 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi, na haiulizi nani kachora.

"Si nitaiambia iweke mashapo!" kijana akasema.

"Itaweka mashapo. Hayatakuwa haya."

Walibishana hadi wateja wakapanga foleni. Mwishowe dumu lilipigwa picha pale pale mlangoni, kwenye mwanga wa asubuhi, mashapo yakionekana. Programu ikaachiwa kazi ya kufuta ndoo na miguu yangu vilivyoingia nyuma. Jina na bei binti aliviandika mwenyewe kwa herufi za simu, akavisoma mara mbili kabla ya kutuma.

Mteja wa kwanza aliuliza kwa nini mafuta yana uchafu. Binti akamweleza ni mashapo, ayaache yatulie. Akanunua dumu moja. Kijana bado anasema ile picha ya kwanza ingeuza mawili.