Mazoezi ya Usaili kwa Lugha ya Pili

Yapata miaka 12 iliyopita nilikwenda kusailiwa katika skuli moja ya binafsi ndani ya Mji Mkongwe. Nilikuwa nimekwisha kuhifadhi majibu manane ya Kiingereza, nikiyarudia moyoni njia nzima hadi Darajani. Msaili mmoja akaniuliza kwa Kiingereza, "Hujapata kufundisha darasa la tano, sivyo?" Nikajibu kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "ndiyo". Kwa Kiswahili nilikuwa nimesema kweli: ndiyo, kama usemavyo, sijapata. Kwa Kiingereza nilikuwa nimedai kwamba nimepata. Akataka kujua nilifundisha skuli gani na mwaka gani. Nikababaika, na nyusoni mwao nikaona kwamba nimekwisha kuhesabiwa kuwa mwongo. Kazi sikuipata.

Leo ni mkufunzi, na wanachuo wangu huniomba niwape maswali yanayotazamiwa ili wayahifadhie majibu. Haja yao naielewa. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na skuli nyingi za binafsi hufundisha kwa lugha hiyo tangu chini. Hata hivyo, sikuanguka kwa kukosa majibu. Nilianguka kwa sababu swali lilikuja kwa umbo nisilolitarajia. Kwa hiyo kitu cha kufanyiwa mazoezi ni swali kabla ya jibu.

Njia yetu ni hii. Tunachagua maswali sita tu: kwa nini umeomba kazi hapa, umefundisha nini, utamsaidiaje mtoto aliyebaki nyuma, na mengine ya namna hiyo. Siku ya kwanza mwanachuo huyajibu kwa Kiswahili, ili tujue kama ana la kusema. Asiyekuwa na jawabu kwa lugha yake hatalipata kwa lugha ya watu. Kisha huandika kwenye kadi maneno matatu au manne ya Kiingereza kwa kila swali, wala si sentensi nzima. Siku ya pili huketi mbele ya wenzake watatu, nao humwuliza kila swali kwa maumbo matatu: la wazi, la kukanusha kama lile lililoniangusha, na la amri, mfano "Tueleze kuhusu somo ulilofundisha."

Mwaka mmoja alikuja mwanachuo wa kike kutoka Makunduchi. Alipoulizwa kuhusu somo lake la sehemu katika Hisabati, alianza kwa kasi, macho darini, bila kupumua. Hizo ndizo dalili za aliyehifadhi. Nikamkatiza katikati: "Watoto walikuwa wangapi?" Akanyamaza, kisha akarudi kuanza mwanzo. Basi nikamwambia aweke karatasi chini, anieleze kwa Kiswahili alivyoligawa chungwa mbele ya darasa.

"Mwalimu, hilo nalijua," akasema.

"Basi liseme hilo hilo kwa sentensi fupi, moja moja."

Akasema sentensi tano za Kiingereza. Mbili zilikuwa na makosa, lakini nilipomkatiza tena alinijibu, akaendelea pale alipoachia.

Kisha mwenzake akamwuliza angefika skuli saa ngapi. Akataja saa moja na nusu, kwa tarakimu zile zile za Kiswahili. Kwa Kiingereza hiyo ni saa saba na nusu ya mchana, wakati watoto wa asubuhi wamekwisha kwenda zao. Sisi huhesabu saa tangu kucha, na wao tangu usiku wa manane; tofauti ni saa sita. Tukamzoeza kuongeza sita kabla ya kufungua kinywa. Swali la kukanusha tukamfundisha alijibu kwa kutazama tendo lenyewe: kama hukulifanya, anza kwa neno la kukataa, kisha sema sentensi kamili. Sentensi hiyo humwokoa hata neno la kwanza likimponyoka. Tena tulimpa sentensi moja ya kuomba swali lirudiwe, maana kuuliza si aibu; aibu ni kulijibu swali usilolisikia.

Mazoezi haya yana mpaka wake. Hayamwongezei mwanachuo Kiingereza kwa siku mbili. Humwezesha kukitumia kile alicho nacho. Msamiati wa somo lake hana budi kuujenga kwa miezi.

Ewe mwalimu mtarajiwa, utakapofanya mazoezi na mwenzako, usimwache amalize jibu lake zuri. Mkatize. Ukiona amerudi mwanzo, jua kwamba anayekujibu ni karatasi, na usaili hauajiri karatasi.