Mkuu, Hesabu za Benki Zitafika Alhamisi

Mimi ni mhasibu katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Idara yetu ina watu wawili: mimi na keshia. Mwezi uliopita, Jumatatu tarehe 13 asubuhi, mkurugenzi alinitumia ujumbe mfupi. Benki inafikiria kutuongezea ovadrafti, hivyo ifikapo Ijumaa anataka hesabu za miezi tisa, Januari hadi Septemba, pamoja na orodha ya wadaiwa na thamani ya mali iliyoko ghalani.

Katika kazi yetu majibu ya haraka ni mawili, na yote yana hasara. La kwanza ni "Sawa mkuu," kisha Ijumaa jioni unaomba radhi. La pili ni "Nimezidiwa na kazi," neno ambalo kila mfanyakazi hulisema na bosi hana namna ya kulipima. Mkurugenzi wetu ni mfanyabiashara. Anaelewa mzigo, bei na tarehe, kwa hiyo niliona nimwandikie kwa lugha hiyo.

Kabla ya kuandika nilifungua kalenda na kutenganisha tarehe zinazosogea na zisizosogea. Kwa kampuni iliyosajiliwa kwenye VAT hapa Tanzania Bara, ritani ya mwezi uliopita huwasilishwa kwa TRA kufikia tarehe 20. Mwezi ule tarehe 20 ilikuwa Jumatatu inayofuata. Ukichelewa kuna adhabu, na sehemu ya mwezi huhesabiwa kama mwezi mzima. Kodi za mishahara tulishazilipa kufikia tarehe 7, hizo hazikuwa na shida. Malipo ya wauzaji wa jumla yalipangwa Alhamisi. Hayo yanaweza kusogea, ila mwenye mamlaka ya kuyasogeza ni mkurugenzi, maana yeye ndiye aliyewaahidi.

Baada ya hapo nilipanga saa. Wengi hukosea hapa: huhesabu siku tano kama saa arobaini. Mimi nina saa kama mbili kila siku zinazoliwa na ankara, hundi za kuidhinisha na wateja wanaokuja dirishani. Kwa hiyo wiki ile nilikuwa na saa 30 za kufanya kazi inayohitaji utulivu. Nilichomwandikia ni hiki:

"Shikamoo mkuu. Nimepokea maelekezo kuhusu hesabu za benki. Naomba uone wiki yangu ilivyo, kisha uamue.

"Nina saa 30. Ritani ya VAT inahitaji saa 14, na mwisho wake ni Jumatatu tarehe 20. Malipo ya wauzaji ya Alhamisi yanahitaji saa 4. Zinabaki 12. Hesabu za benki zikikamilika vizuri zinahitaji saa 28, kwa sababu Septemba haijafungwa. Nimepungukiwa na saa 16. Nitazipata Jumatatu mchana baada ya ritani, kisha Jumanne na Jumatano. Hivyo hesabu kamili zitakuwa mezani kwako Alhamisi tarehe 23 mchana, ukiwa na muda wa kuzipitia kabla hazijatoka.

"Ijumaa hii naweza kukupa faida na hasara ya Januari hadi Agosti, miezi ambayo imefungwa na ina uhakika, pamoja na jumla ya mauzo ya Septemba kutoka kwenye mashine za EFD. Orodha ya wadaiwa nisingependa itoke Ijumaa, sababu nitaieleza ukihitaji.

"Kama lazima zote ziwe Ijumaa, njia ni moja: tusimamishe malipo ya wauzaji, na nifanye ritani Jumamosi na Jumapili. Tutapata saa za kutosha, lakini muuzaji wa saruji anaweza kuzuia mzigo wa wiki ijayo, na risiti zenye kasoro hazitarekebishika kwa sababu maduka mengi Jumapili hayafunguliwi. Kodi ya risiti hizo hatutaidai kwenye ritani hii.

"Naomba pia kujua: Ijumaa ni tarehe ya benki au ni yetu?"

Ujumbe huo una mambo mawili ninayotaka mwenzangu ayatazame kwa karibu.

La kwanza ni zile risiti. Mtu asiyefanya kazi hii huona ritani ni kujaza tarakimu. Kumbe saa nyingi huishia kwenye manunuzi. Dereva amenunua vipuri Kariakoo, akaleta risiti ya EFD isiyo na TIN ya kampuni yetu. Risiti ya namna hiyo huwezi kuitumia kudai kodi uliyolipa. Lazima umtafute muuzaji, na yeye akubali kuirekebisha. Hata ukiongezewa watu, kazi hiyo haiendi haraka, kwa kuwa unamsubiri mtu wa nje. Ndiyo maana sikuomba msaidizi. Asingepunguza muda huo.

La pili ni wadaiwa. Wateja wetu wengi hulipa kwa simu, na fedha huingia benki kwa mkupuo, mara nyingine bila jina linaloeleweka. Mpaka usuluhishe taarifa ya benki na vitabu, mteja aliyelipa wiki mbili zilizopita bado anasomeka kwenye orodha kama mdaiwa. Ukiipeleka orodha hiyo benki, unaonyesha madeni ambayo hayapo. Afisa mikopo akimpigia mteja mmoja tu na kuambiwa "nilishalipa," ataacha kuamini hata tarakimu zilizo sahihi. Mkurugenzi hakujua hilo, na hakuwa na sababu ya kujua. Ilikuwa kazi yangu kumwonyesha.

Ile njia ya Jumamosi na Jumapili sikuificha ili nionekane sina njia nyingine. Niliiweka wazi na gharama yake, kwa sababu huenda mkurugenzi alikuwa na sababu nzito nisiyoijua. Kama ovadrafti ingeokoa tenda kubwa, labda saruji ya wiki moja ingekuwa bei ndogo. Uamuzi huo ni wake. Wajibu wangu ni kuhakikisha anaamua akiwa anajua anachokiacha.

Alinipigia kabla ya saa sita. Alikuwa ameshaongea na afisa wa benki. Ijumaa ilikuwa tarehe ambayo yeye mwenyewe aliitaja kwenye mazungumzo ili aonekane yuko tayari. Benki ilihitaji mauzo na faida kwanza, na orodha ya wadaiwa kabla ya kikao chao cha wiki inayofuata. Aliniuliza kuhusu wadaiwa, nikamweleza habari ya malipo ya simu. Akasema, "Basi, nipe Agosti Ijumaa. Hizo nyingine Alhamisi, lakini Alhamisi kweli."

Jumatano asubuhi ya wiki iliyofuata nilimtumia mstari mmoja: usuluhisho wa akaunti ya kwanza umekwisha, ya pili inaendelea, Alhamisi iko palepale. Ujumbe wa namna hiyo ni sehemu ya makubaliano. Bosi aliyekubali kusubiri asiachwe gizani, na kama kuna kitu kimekwama, akijue mapema angali na nafasi ya kuzungumza na benki.

Hesabu zilifika mezani kwake Alhamisi tarehe 23. Ritani ya VAT ilikuwa imeshapokelewa, na lori la saruji lilipakia kama kawaida. Ombi la ovadrafti bado liko benki.